Mfanyakazi akiacha kazi: jinsi ya kuondoa ruhusa zake, nywila za pamoja na funguo za API

Kumfungia mtu akaunti yake ni kazi ya dakika chache. Unaingia kwenye ukurasa wa msimamizi, unabonyeza kitufe cha kusimamisha, barua pepe yake inazimika, na kila mfumo aliokuwa akiuingia kwa barua pepe hiyo unamkataa. Ofisi nyingi zikifika hapo huweka alama ya vema kwenye fomu na kuendelea na mengine. Kinachosahaulika ni vitu visivyo na jina la mtu: nywila ya akaunti ya matangazo inayotumiwa na watu wanne, ufunguo wa API, yaani siri ambayo programu huitumia kujitambulisha kwa huduma nyingine, uliokaa kwenye faili la `.env` tangu mradi uanze, ufunguo wa SSH ulioongezwa kwenye akaunti ya `deploy` usiku wa dharura na haukuondolewa tena. Vitu hivi havijui nani ameacha kazi. Aliye navyo ndiye vinayemfungulia.

Cisco waliliona hilo mwaka 2018. Mhandisi wao mmoja aliacha kazi mwezi wa Aprili. Mwezi wa Septemba aliingia bila idhini kwenye miundombinu ya kampuni iliyokuwa kwenye wingu la Amazon Web Services, yaani AWS, na kufuta mashine pepe 456 zilizoendesha huduma ya WebEx Teams. Akaunti zaidi ya 16,000 zilifungika, nyingine kwa muda wa hadi wiki mbili, na kampuni ilitumia takriban dola milioni 1.4 za muda wa wafanyakazi kurekebisha uharibifu, mbali na zaidi ya dola milioni moja iliyorudishwa kwa wateja. Mhusika alihukumiwa kifungo cha miezi 24. Lakini angalia tarehe: karibu miezi mitano ilipita tangu aondoke, na njia ya kuingilia ilikuwa bado wazi.

Nitafuata kesi moja ya mfano kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kampuni inauza bidhaa mtandaoni na ina wahandisi watatu. Mmoja wao, aliyekuwepo tangu siku ya kwanza, ameomba kuondoka kwa amani na ametoa notisi ya mwezi mmoja. Nimemchagua mhandisi kwa sababu yeye ndiye mgumu; ukiweza kumwondoa yeye, mhasibu na mtu wa masoko watakuwa rahisi.

## Hatua ya 1: Tengeneza orodha akiwa bado yupo

Mwezi wa notisi ni mali. Mtu anayeondoka kwa amani ndiye anayejua ni wapi alichomeka nini, na baada ya siku ya mwisho hutakuwa na wa kumwuliza. Kaeni naye saa moja mkiwa na jedwali tupu. Safu zake ni tano tu: kitu chenyewe, nani mwingine anakitumia, kimehifadhiwa wapi, kinatumika kwenye programu zipi, na nani atakibadilisha.

Usimwulize "una nywila gani?" Kumbukumbu ya mtu haifanyi kazi hivyo, atakutajia tatu anazozitumia kila siku. Mwulize kwa matukio. Tovuti ikizima usiku, unaingia wapi kwanza? Jina la tovuti likikaribia kuisha muda, nani anapata barua ya kukumbushwa? Mteja akidai pesa zake zirudishwe, unabonyeza wapi? Ujumbe wa simu wa kuthibitisha oda unatumwa na kampuni gani, na akaunti ile ilifunguliwa kwa barua pepe ya nani? Swali hili la mwisho ndilo linaloumiza. Katika kampuni zilizoanza na watu wawili, akaunti ya kusajili jina la tovuti mara nyingi imefunguliwa kwa barua pepe binafsi ya mtu, na msimbo wa uthibitisho unakwenda kwenye simu yake. Hiyo haiondolewi kwa kubadilisha nywila. Lazima umiliki uhamishwe, na ni yeye tu anayeweza kuuhamisha bila usumbufu.

Kisha ongeza kwenye orodha vitu asivyovikumbuka. Angalia programu ya kutunza nywila uone makabati yote aliyoshirikishwa. Tafuta barua pepe yake kwenye risiti za malipo ya kila mwezi, maana kila huduma inayolipiwa ina akaunti mahali fulani. Pitia kodi nzima ya programu zenu kutafuta funguo zilizoandikwa humo moja kwa moja, pamoja na historia yake, kwa sababu ufunguo uliofutwa kwenye faili leo bado unasomeka kwenye toleo la mwaka jana:

```
git log --all --oneline -S 'AKIA'
```

Amri hiyo inatafuta matoleo yote yaliyoongeza au kuondoa neno `AKIA`, ambalo ndilo mwanzo wa vitambulisho vya funguo za kudumu za AWS. Kwa huduma nyingine weka mwanzo wa funguo zake. Programu ya bure iitwayo `gitleaks` hufanya kazi hii kwa aina nyingi za funguo kwa pamoja.

Hapa kuna kanuni moja ambayo watu huipinga kwa sababu inaongeza kazi: siri yoyote aliyoweza kuiona, ihesabu kwamba ameiona. Mfano mzuri ni siri zinazohifadhiwa GitHub kwa ajili ya Actions, sehemu yake ya kuendesha kazi za programu zenyewe. Ukurasa haukuonyeshi thamani yake ukishaihifadhi, hivyo watu hudhani iko salama. Lakini mwenye ruhusa ya kuandika kwenye repo, yaani ghala la kodi ya programu, anaweza kuandika kazi inayoisoma siri hiyo na kuituma kwingine. Kwa hiyo nazo zinaingia kwenye orodha.

## Hatua ya 2: Hamisha kazi zinazoendeshwa kwa jina lake

Kabla ya kumfungia, tafuta mitambo inayomtegemea. Mhandisi wa mfano wetu alitengeneza tokeni binafsi ya GitHub miaka miwili iliyopita na kuiweka kwenye seva ya kupeleka matoleo mapya. Siku atakapoondolewa kwenye shirika, tokeni hiyo itapoteza uwezo wa kuona repo za kampuni, na toleo linalofuata halitapanda. Ndivyo makampuni mengi yanavyoogopa na kuiacha akaunti ya mtu hai "kwa muda tu". Muda huo hauishi.

Dawa yake ni kuhamisha kila kazi kama hiyo kwenye akaunti ya huduma, yaani akaunti isiyo ya mtu, yenye ruhusa za kazi hiyo moja tu. Fanya hivyo wiki moja kabla, ili kikivunjika kitu mwenyewe awepo wa kukueleza. Kwenye seva, soma kazi zake zilizopangwa kwa saa:

```
sudo crontab -u mhandisi -l
```

Isome sasa. Kwenye mifumo mingi, akaunti ikishaisha muda wake kazi zake za `cron` hukataliwa kimyakimya, na unaweza kugundua baada ya wiki kwamba hakuna nakala rudufu ya hifadhidata iliyochukuliwa.

## Hatua ya 3: Funga milango yenye jina lake

Siku ya mwisho, saa mliyokubaliana, anza na akaunti kuu ya barua pepe au ile inayomwingiza kwenye mifumo mingine yote. Kuibadilisha nywila peke yake hakutoshi. Simu yake ina kikao kilicho wazi, na kuna programu alizozipa ruhusa ya kusoma kalenda au faili zake. Kwenye Google Workspace simamisha akaunti, futa vikao vyake, kisha ondoa programu zilizounganishwa na nywila maalumu za programu. Kwenye Microsoft Entra zima akaunti na ubatilishe vikao kwa `Revoke-MgUserSignInSession`. Hata hapo, tokeni iliyokwisha kutolewa inaweza kuendelea kukubalika kwa baadhi ya programu mpaka muda wake uishe, kwa kawaida dakika 60 hadi 90. Usishtuke ukiona bado ana alama ya kijani kwenye programu ya mazungumzo dakika tano baadaye.

Usiifute akaunti. Isimamishe tu. Nitaeleza sababu mwishoni.

Kwenye seva za Linux kuna mtego uliowanasa wengi. Amri ya `passwd -l` inafunga nywila, lakini haimzuii mtu anayeingia kwa ufunguo wa SSH, na wahandisi karibu wote huingia kwa ufunguo. Mwongozo wa amri yenyewe unalisema hilo na kushauri hii badala yake:

```
sudo usermod --expiredate 1 mhandisi
sudo pkill -KILL -u mhandisi
```

Mstari wa kwanza unaifanya akaunti iwe imeisha muda. Wa pili unaua programu zake zote zinazoendelea, pamoja na vikao vya SSH vilivyo wazi, kwa sababu kumfungia mtu mlango hakumtoi nje kama tayari yuko ndani.

Mpaka hapa umemaliza sehemu ambayo kila mtu huifanya.

## Hatua ya 4: Funguo za SSH kwenye akaunti za pamoja

Akaunti yake mwenyewe imezimwa, lakini akaunti ya `deploy` inatumiwa na wahandisi wote, na ufunguo wake umo humo. Tafuta mafaili yote ya aina hiyo, kisha yasome:

```
sudo find /root /home /var /srv -name 'authorized_keys*'
sudo ssh-keygen -lf /home/deploy/.ssh/authorized_keys
```

Amri ya pili inaonyesha alama ya kidole ya kila ufunguo na maelezo yaliyo pembeni yake. Usiyaamini maelezo hayo. Ni maandishi ya kawaida ambayo mtu huandika anachotaka. Ufunguo ulioandikwa `root@backup` unaweza kuwa wa laptopu ya mtu. Linganisha alama za vidole. Kama mhandisi anatumia GitHub, funguo zake za wazi zinaonekana na yeyote:

```
curl -s https://github.com/JINA.keys | ssh-keygen -lf -
```

Alama zinazofanana kwenye orodha zote mbili ni zake. Zile ambazo hakuna mtu aliyebaki anayezitambua, ziondoe pia. Kama kuna mtambo uliokuwa unaitegemea utalalamika, na hapo utakuwa umejua ni wa nini.

GitHub kwenyewe angalia kitu kingine: funguo za repo, zinazoitwa `deploy keys`. Hizi zimefungwa kwenye repo, hazifuati mtu. Aliyeziongeza akiondolewa, zinaendelea kufanya kazi kama kawaida.

```
gh api repos/KAMPUNI/REPO/keys
```

Majibu yanaonyesha ufunguo uliongezwa lini na kama una ruhusa ya kusoma tu au hata kuandika. Kwenye kampuni yetu ya mfano tulitarajia mmoja, tukakuta mbili. Wa pili una ruhusa ya kuandika, uliongezwa miaka miwili iliyopita na kupewa jina `test`. Hakuna anayeujua, na unafutwa leo hii.

## Hatua ya 5: Nywila za pamoja, kwa mpangilio

Mpangilio hapa una maana kuliko wingi. Kwanza mtoe kwenye makabati ya programu ya kutunza nywila, ndipo ubadilishe nywila. Ukigeuza, nywila mpya inasafiri yenyewe hadi kwenye simu yake, na umefanya kazi bure. Kumtoa kwenye kabati nako hakufuti alichokwisha kunakili, ndiyo maana kubadilisha ni lazima.

Kama orodha ina nywila 40, hutazimaliza zote siku moja, na si lazima. Jiulize mambo mawili kwa kila moja. Je, mtu aliye nje anaweza kuitumia kutoka kwenye intaneti bila kupita mlango mwingine? Na je, inaweza kuhamisha pesa, kufungua data za wateja, au kutufungia nje wenyewe? Zinazojibu ndiyo kwa yote mawili zibadilishwe siku hiyohiyo. Nyingine zipe wiki moja, zikiwa na jina la mhusika na tarehe.

Katika kundi la kwanza, anza na masanduku ya barua pepe ya pamoja, mathalani lile la `admin@`, kwa sababu humo ndimo barua za kurejesha nywila za akaunti nyingine zinapofikia. Ukibadilisha nywila ya akaunti ya malipo kabla ya sanduku hilo, mwenye sanduku anabonyeza "nimesahau nywila" na kuirudisha mikononi mwake. Baada ya barua pepe fuata msajili wa jina la tovuti, maana anayelidhibiti jina anaweza kuelekeza barua zote kwingine. Halafu akaunti kuu ya `root` ya wingu, kisha mfumo wa malipo, na mwisho kurasa za mitandao ya kijamii.

Kwa kila akaunti, nywila ni sehemu ndogo tu ya kazi. Uthibitishaji wa hatua mbili kwenye akaunti ya pamoja kwa kawaida uliwekwa hivi: mmoja alifungua picha ya QR, wenzake wote wakaipiga kwa simu zao. Picha ile ina siri moja isiyobadilika, na kila simu iliyoipiga itaendelea kutoa tarakimu sita sahihi miaka yote. Kwa hiyo zima uthibitishaji huo na uuwashe upya kwa picha mpya. Tengeneza upya misimbo ya kurejesha akaunti, ile ambayo huchapishwa na kuwekwa kwenye droo. Angalia namba ya simu na barua pepe ya akiba ni za nani. Kisha bonyeza kitufe cha kuvitoa vifaa vyote, kwa kuwa si kila huduma inayokata vikao vya zamani nywila ikibadilika.

Nywila ya Wi-Fi, ya kamera na ya mlango wa ofisi zibadilishwe pia. Hizo hazina maelezo marefu.

## Hatua ya 6: Funguo za API, bila kuangusha mfumo

Hapa ndipo watu husitasita, na wana sababu. Nywila ikibadilika, binadamu anaandika mpya. Ufunguo wa API ukizimwa ghafla, malipo yanagoma na simu za wateja zinaanza kulia. Njia salama ni kuwa na funguo mbili hai kwa wakati mmoja: tengeneza mpya, uweke kila mahali, hakikisha wa zamani umekaa kimya, uzime, subiri, ndipo uufute.

Tuufanye kwa ufunguo mmoja wa kampuni yetu. Ni ufunguo wa AWS wa mtumiaji wa mfumo aitwaye `duka-app`, unaoweka picha za bidhaa na ankara kwenye S3, hifadhi ya faili ya AWS. Uko kwenye faili la `.env` la seva mbili, na mhandisi anayeondoka anao kwenye laptopu yake kwa ajili ya majaribio. AWS inaruhusu funguo mbili kwa kila mtumiaji, ambayo ndiyo nafasi tunayoihitaji. Kama tayari ziko mbili, kuna aliyeanza kazi hii zamani hakuimaliza. Itabidi ujue kwanza ipi haitumiki.

```
aws iam list-access-keys --user-name duka-app
aws iam create-access-key --user-name duka-app
```

Ufunguo mpya tunauweka kwenye seva zote mbili na kuwasha upya programu. Watu husahau hatua hii ya pili: programu nyingi husoma `.env` zinapoanza tu, hivyo faili limebadilika lakini kumbukumbuni bado umo ufunguo wa zamani. Kisha tunauliza wa zamani umetumika lini mara ya mwisho:

```
aws iam get-access-key-last-used --access-key-id AKIA...
```

Jibu linatoa tarehe na saa, jina la huduma na eneo. Kesho yake mchana tunauliza tena, na tunakuta umetumika saa nane usiku, huduma `s3`. Seva zote mbili zina ufunguo mpya, basi nani ameutumia? Saa ile ile ya usiku ndiyo inayotupa jibu: ni muda wa kazi ya nakala rudufu, inayoendeshwa kwenye seva ya tatu ndogo ambayo haikuwepo kwenye jedwali. Tunauweka ufunguo mpya huko pia. Siku mbili zinazofuata tarehe haisogei.

Hata hivyo tarehe kutosogea kwa siku mbili haimaanishi kwamba ufunguo hautumiki. Kuna kazi zinazoamka mara moja kwa mwezi, kama kutengeneza ripoti ya mauzo. Ndiyo maana tunauzima kwanza, hatuufuti:

```
aws iam update-access-key --user-name duka-app \
  --access-key-id AKIA... --status Inactive
```

Ufunguo uliozimwa unaweza kuwashwa tena kwa kubadilisha `Inactive` kuwa `Active`. Uliofutwa haurudi. Tunauacha umezimwa hadi mwisho wa mwezi upite, ili ile kazi ya mwezi kama ipo ijitokeze kwa kushindwa. Ikijitokeza ipe ufunguo mpya. Shinda kishawishi cha kuuwasha wa zamani.

Subira hii ni ya mtu aliyeondoka kwa amani. Kama amefukuzwa, au kuna dalili kwamba ana kinyongo, geuza mpangilio: zima ufunguo wakati yuko kwenye kikao cha kuarifiwa, kisha hangaika na kilichovunjika. Mfumo kusimama kwa saa moja una gharama inayojulikana. Ni uamuzi wa mkuu wa kampuni, na ni vizuri awe ameufanya kabla ya siku yenyewe.

Si kila huduma inaruhusu funguo mbili. Kwa zile zenye mmoja tu, chagua saa yenye wateja wachache, andaa mabadiliko kwenye seva zote mapema, badilisha na uwashe upya kwa mkupuo. Hifadhidata inataka ujanja kidogo: badala ya kubadilisha nywila ya mtumiaji aliyepo, tengeneza mtumiaji wa pili mwenye ruhusa zilezile, hamishia programu kwake moja baada ya nyingine, na wa kwanza umfute akishakosa miunganisho. Siri zinazotumika kutia saini vikao vya wateja zina matokeo yake: ukiibadilisha, kila mteja anatolewa na kutakiwa kuingia upya, isipokuwa programu iwe imeandikwa kukubali saini mbili kwa kipindi. Usiiache kwa sababu hiyo. Aliye nayo anaweza kujitengenezea kikao cha mteja yeyote bila nywila, hivyo waarifu wahudumu wa wateja na uibadilishe usiku.

Kuhusu funguo ambazo "hazitumiki", Cloudflare wana somo la kueleza. Oktoba 2023, Okta, kampuni inayosimamia utambulisho wa watumiaji, ilivamiwa, na siri nyingi za Cloudflare zikavuja humo. Walibadilisha karibu zote. Zilibaki tokeni moja na akaunti tatu za huduma, zilizoachwa kwa sababu ya dhana potofu kwamba hazitumiki. Mwezi uliofuata wavamizi waliingia kwa hizo hizo hadi kwenye mifumo yao ya ndani ya nyaraka na kodi za programu, na baadaye Cloudflare ikalazimika kubadilisha siri zaidi ya 5,000. Ufunguo usiotumika na kampuni bado unatumika na mwingine akiupata. Kama kweli hauna kazi, ufutwe. Huo ndio rahisi kuliko yote.

## Hatua ya 7: Jaribu kuingia kwa vitu vya zamani

Fomu nyingi huisha kwenye neno "imebadilishwa". Mimi nataka kuona kukataliwa. Hifadhi ufunguo wa zamani kwenye wasifu wa muda, tuuite `zamani`, kisha uliza:

```
aws sts get-caller-identity --profile zamani
```

Unachotaka kuona ni kosa la `InvalidClientTokenId`. Ukiona namba ya akaunti yenu ikirudi, ufunguo bado uko hai, pengine ulizima mwingine. Kwa API nyingine tuma ombi lisilobadilisha kitu, ukitumia ufunguo wa zamani, na utazamie jibu la `401`. Usiuandike ufunguo moja kwa moja kwenye amri, maana utabaki kwenye historia ya kompyuta yako. Usome kutoka kwenye faili, kisha faili lifute. Kwa nywila za pamoja, fungua dirisha la faragha la kivinjari na ujaribu ya zamani. Chukua na tarakimu sita kutoka kwenye simu ya mmoja wenu ambayo haijapiga picha mpya ya QR. Zikikubaliwa, ile hatua ya pili haikubadilishwa.

Andika kwenye jedwali tarehe ya jaribio na jibu lililotoka. Safu hiyo ya sita ndiyo atakayoiomba mkaguzi, na ndiyo itakayokutoa kwenye lawama siku kitu kikiharibika na macho yote yakamwelekea aliyeondoka.

## Hatua ya 8: Siku 30 baadaye

Rudi kwenye logi na utafute majaribio yaliyokataliwa kwa jina lake au kwa funguo za zamani. Mengi yatakuwa simu yake ikijaribu kupakua barua pepe yenyewe, bila nia mbaya. Majaribio yanayotoka kwenye seva zenu wenyewe ni programu iliyosahauliwa. Yanayotoka kwingine yafuatilie.

Sasa futa funguo ulizozizima. Akaunti yake ya Google Workspace usiifute kabla ya kuhamisha umiliki wa faili zake za Drive, kwa kuwa akaunti iliyofutwa hurejesheka kwa siku 20 tu, na nyaraka ambazo ofisi nzima inazitumia zinaweza kuwa zake. Ukishaifuta, anwani yake iache hai kama jina la ziada kwenye sanduku la mtu mwingine, kwa mwaka mmoja hivi. Itaendelea kupokea vikumbusho vya malipo, taarifa za "umeingia kutoka kifaa kipya" na barua za huduma ambazo hamkuwahi kuzisikia. Kila moja ya barua hizo ni akaunti iliyokosekana kwenye jedwali. Ifungue, hamisha umiliki, badilisha nywila, na uiongeze kwenye mstari wake.